Pawasaplai na feni ya kompyuta: dalili za kuchoka na namna ya kupata mbadala sahihi

Pawasaplai ni lile boksi la bati lililo nyuma ya kompyuta ya mezani, mahali unapochomekwa waya wa umeme wa ukutani. Hupokea umeme wa gridi, volti 230 kwa Tanzania na 240 kwa Kenya, na kuugeuza kuwa umeme mnyoofu wa volti ndogo ambao vipuri vya ndani vinaweza kuutumia: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Volti 12 ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, kwa sababu prosesa, kadi ya picha, mota za diski na feni zote hula hapo. Pawasaplai ikianza kuchoka, ni nadra kufa siku moja. Mara nyingi huendelea kuwaka kwa wiki au miezi huku ikitoa umeme unaoyumba, na mwenye kompyuta hubadilisha memori, hupiga Windows upya, hata hununua diski nyingine, kabla hajalifikiria lile boksi.

Kipuri kinachochoka kwanza ndani yake ni kapasita, yale makopo madogo ya bati yaliyosimama kwenye bodi. Kazi yake ni kama ya tangi la maji juu ya nyumba: huweka akiba na kufidia pale mtiririko unapopungua ghafla, ili volti zitoke bila mawimbi. Ndani ya kila kopo kuna majimaji ya kemikali, na majimaji hayo hukauka taratibu kwa joto. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto linapoongezeka nyuzi 10 za selsiasi, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Hapo ndipo feni inapoingia. Feni ya pawasaplai ikijaa vumbi au ikipunguza kasi, joto la ndani hupanda na kapasita hukauka kabla ya wakati wake. Katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 32 tayari, hakuna nafasi kubwa ya kupoteza. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huongeza madhara, lakini joto ndilo linalofanya kazi kila siku.

Dalili za pawasaplai inayochoka zina tabia moja: huonekana mzigo unapopanda. Kompyuta huandika barua asubuhi nzima bila tatizo, kisha hujizima na kujiwasha ghafla inapofunguliwa programu ya kuhariri video au mchezo mzito. Nyingine hukataa kuwaka mara ya kwanza na kukubali mara ya pili au ya tatu, hasa baada ya kulala usiku kucha ikiwa imezimwa. Kipanya au flashi iliyochomekwa kwenye soketi ya USB hukatika na kurudi. Diski hutoa mlio wa kuanza upya katikati ya kazi. Pengine kuna harufu ya kitu kilichoungua, au mlio mwembamba wa kupiga miluzi unaobadilika mzigo unapobadilika. Harufu ya kuungua haihitaji uchunguzi zaidi: kompyuta izimwe, plagi ichomolewe ukutani, na boksi hilo lisirudishwe tena kwenye umeme.

Dalili nyingine zote zinaweza kuwa na chanzo tofauti, kwa hiyo kuna mambo ya kuondoa kwanza. Kompyuta ihamishiwe soketi nyingine ya ukutani, bila ekstensheni na bila yupiesi, kwa waya mwingine wa umeme. Yupiesi yenye betri iliyokufa huzima kompyuta kwa namna ileile kabisa. Kisha liangaliwe joto la prosesa, kwa sababu kompyuta inayopata joto kupita kiasi nayo hujizima ili kujilinda. Tofauti yake ni kwamba inayozimwa na joto huchukua dakika kadhaa za kazi nzito kabla ya kuanguka, na ikiwashwa papo hapo huanguka mapema zaidi. Inayoangushwa na pawasaplai inaweza kuzimika katika sekunde ileile mzigo unapoingia. Katika Windows, kumbukumbu za mfumo huonyesha tukio la `Kernel-Power 41` kila kompyuta inapozimika bila utaratibu. Wengi huona maneno hayo na kuhukumu pawasaplai. Maana yake halisi ni kwamba mashine ilizimika ghafla, na haielezi nani aliyeizima.

Kinachotoa hukumu ni mita. Mita ya kawaida ya kidijitali, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, inatosha. Huwekwa kwenye kipimo cha umeme mnyoofu, alama ya `V` yenye mstari ulionyooka, kwenye nafasi ya volti 20. Mahali salama pa kupimia ni plagi yoyote ya pini nne ya diski za zamani inayoning'inia bila kazi: waya wa njano ni volti 12, waya mwekundu ni volti 5, na nyaya mbili nyeusi za katikati ni za ardhi. Ncha nyeusi ya mita hugusa waya mweusi, ncha nyekundu hugusa wa njano. Tahadhari kubwa hapa ni kutoziacha ncha mbili zikagusana ndani ya plagi.

Kiwango cha kimataifa cha pawasaplai za kompyuta za mezani, kiitwacho ATX, kinaruhusu volti hizo kupanda au kushuka kwa asilimia 5. Kwa hiyo waya wa njano unatakiwa usome kati ya 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Jambo la kuzingatia ni wakati wa kupima. Pawasaplai iliyochoka huweza kusoma 12.0 kamili kompyuta ikiwa imetulia, na fundi anayepima hapo tu ataipa cheti cha uzima. Ni lazima ncha za mita zibaki mahali pake huku mashine ikipewa kazi: video kadhaa za ubora wa juu zifunguliwe kwa pamoja, na faili kubwa linakiliwe wakati huohuo. Volti zikishuka chini ya 11.4, au tarakimu zikianza kurukaruka, jibu limepatikana.

Kuna jaribio lingine linalopendwa mitaani, la kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya kwenye plagi kubwa ya pini 24 ili pawasaplai iwake ikiwa nje ya kompyuta. Jaribio hilo lina manufaa ya upande mmoja. Pawasaplai ikikataa kuwaka, imekufa au inajilinda. Ikiwaka na feni yake kuzunguka, kimethibitika kitu kimoja tu, kwamba inaweza kuwaka bila mzigo. Na zipo pawasaplai zinazoiacha feni isimame hadi joto lipande, kwa hiyo feni kusimama katika jaribio hilo nako si ushahidi.

Tochi ikipigwa kupitia matundu ya boksi huonyesha mengi. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyochoka huvimba juu, au huvuja ute wa kahawia unaoganda chini yake. Kuangalia kuishie hapo. Boksi lenyewe lisifunguliwe na mtu asiye fundi wa elektroniki, kwa kuwa kapasita kubwa ya upande wa gridi hubeba takriban volti 325 za umeme mnyoofu, na inaweza kubaki na chaji hiyo baada ya plagi kuchomolewa. Kiasi hicho kinaua.

Kununua mbadala ndiko kunakoleta makosa mengi, na makosa hayo huanzia kwenye kibandiko. Kibandiko cha pawasaplai kina sehemu mbili. Ya kwanza ni umeme unaoingia. Kikiandikwa `100-240V~`, pawasaplai hujirekebisha yenyewe na inafaa popote. Kikiandikwa `115V/230V`, nyuma ya boksi kuna swichi ndogo, aghalabu nyekundu, ya kuchagua. Kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani Kaskazini zinaweza kuwa na swichi hiyo kwenye 115, kwa kuwa huko umeme wa nyumbani ni volti 120. Ikichomekwa ukutani Arusha au Nairobi bila kuhamisha swichi, hupasuka kwa kishindo mara moja.

Sehemu ya pili ni umeme unaotoka, na hapa volti hazina mjadala: ni zilezile, pungufu wala zaidi hazikubaliki. Ampea ni habari nyingine. Kwenye pawasaplai, ampea zilizoandikwa ni uwezo wake wa juu kabisa. Haisukumi ampea hizo kwa nguvu, bali kifaa huchota kiasi kinachohitaji. Pawasaplai yenye ampea nyingi kuliko ya zamani haiwezi kuiunguza kompyuta kwa sababu hiyo. Yenye ampea pungufu ndiyo itakayoteseka, ipate joto na kuanguka. Kwa hiyo ampea za mbadala ziwe sawa au zaidi, kwa kila mstari wa volti, na hasa mstari wa volti 12.

Mfano wa duka la steshenari unaonyesha jinsi hesabu hiyo inavyokwenda. Kompyuta ya dukani ilikuja na pawasaplai ya wati 250, na baadaye ikaongezwa kadi ya picha kwa ajili ya kutengeneza mabango na kadi za harusi. Kadi hiyo haina plagi yake ya umeme, hula kupitia bodi kuu, na kadi za namna hiyo hazizidi wati 75. Sasa kompyuta hujizima kila bango kubwa linapoandaliwa. Mita kwenye waya wa njano inasoma 11.8 mashine ikiwa imetulia, na 11.2 kazi inapokuwa nzito. Kibandiko cha pawasaplai kinasema `+12V 16A`. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati: 12 mara 16 ni wati 192.

Upande wa mahitaji, prosesa ni ya wati 65, kadi ya picha ni wati 75, na diski, feni na sehemu ya bodi kuu hukadiriwa wati 25. Jumla ni wati 165. Pawasaplai ilipokuwa mpya ingeweza kuubeba mzigo huo, ingawa kwa shida. Kapasita zikiwa zimekauka, haiwezi tena. Muuza duka anatoa boksi mbili. La kwanza limeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa na bei yake ni ndogo, lakini kibandiko chake kinasema `+12V 14A`. Hizo ni wati 168 tu kwenye mstari unaohitajika, pungufu ya ile pawasaplai ya zamani ya wati 250. La pili limeandikwa wati 400 na lina `+12V 28A`, sawa na wati 336. Hilo la pili ndilo linalofaa, maana mzigo wa wati 165 utakuwa karibu nusu ya uwezo wake, kiwango ambacho pawasaplai hufanya kazi kwa utulivu na joto dogo. Namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa boksi mara nyingi ni ya kuuzia. Kinachostahili kusomwa ni jedwali la ampea, na boksi lisilo na jedwali hilo liachwe rafuni.

Baada ya namba kukubali, umbo nalo likubali. Boksi la kawaida la ATX lina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86, lakini kompyuta nyembamba za ofisini hutumia maboksi membamba yasiyobadilishana na hilo. Plagi za kampuni kubwa nazo hutofautiana. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ina plagi ya pini 24 iliyozoeleka. OptiPlex 7020 iliyoifuata ina plagi ya pini 8 kwenye bodi kuu. Kwa mashine za namna hiyo ni bora kutafuta pawasaplai yenye namba ileile ya kipuri iliyo kwenye kibandiko cha zamani. Plagi isiyotaka kuingia isilazimishwe.

Feni huchoka kwa namna inayosikika. Beringi yake ikikauka, feni hukoroma kompyuta inapowashwa na kunyamaza dakika chache baadaye, mafuta yaliyobaki yakishapata joto na kulainika. Watu hufurahia ukimya huo, lakini ni hatua ya kwanza ya kufa. Hatua inayofuata ni feni isiyoanza yenyewe, ila ikisukumwa kidogo kwa kalamu inazunguka. Mwisho husimama kabisa, na baadhi ya kompyuta hutoa ujumbe kama `CPU Fan Error` au `Previous Fan Failure` zinapowaka. Nyingine hazisemi kitu. Prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na mwenye kompyuta anachoona ni mashine iliyokuwa nyepesi sasa inaburuza miguu mchana na kupata nafuu usiku.

Kabla ya kuilaumu feni, vumbi liondolewe, kwa sababu feni nzima iliyozibwa na vumbi hupoza vibaya sawa na iliyokufa. Kompyuta ichomolewe kwenye umeme, mapezi ya feni yashikwe kwa kidole yasizunguke, kisha upepo upulizwe kwa brashi au blowa ndogo. Kuiacha feni izunguke kwa kasi ya blowa huharibu beringi, na mota inayozungushwa hivyo huzalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Baada ya usafi, feni izungushwe kwa kidole: nzima huendelea kuzunguka kidogo na kusimama taratibu, iliyochoka hukwama ghafla au huyumba kwenye ekseli yake. Ikiwa haizunguki kompyuta inapowashwa, mita huwekwa kwenye plagi yake, kati ya waya wa ardhi na ule wa volti 12, ambao kwa kawaida ni pini mbili za kwanza. Umeme ukiwepo na feni imesimama, feni imekufa. Umeme usipokuwepo, tatizo liko kwenye bodi, na feni mpya haitasaidia. Feni ya pini tatu huongozwa kwa kupandisha na kushusha volti, hivyo kusoma volti 7 mashine ikiwa baridi si ajabu. Ya pini nne hupata volti 12 muda wote na kupokea amri ya kasi kupitia pini ya nne.

Kibandiko cha feni nacho kina volti na ampea, mathalani `DC 12V 0.30A`. Volti ni zilezile kama kawaida. Feni ya volti 5 ikiwekwa kwenye volti 12 huungua. Ya volti 24, iliyonyofolewa kwenye mashine nyingine, huzunguka kwa uvivu au haianzi kabisa. Ampea ndizo zinazowapoteza wengi, kwa sababu hapa maana yake imegeuka. Kwenye feni, ampea ni kiasi inachokula, wala si uwezo wa kutoa. Kanuni ya "sawa au zaidi" iliyofaa kwa pawasaplai haihamishiki. Soketi ya feni kwenye bodi kuu kwa kawaida imetengenezwa kubeba ampea 1, na kuna zinazobeba pungufu. Feni ya ampea 1.5 inaweza kuiunguza njia hiyo ya umeme, na bodi kuu ni ghali kuliko feni kumi. Upande wa pili, feni ya ampea 0.10 mahali palipokuwa na 0.30 aghalabu husukuma hewa kidogo zaidi, na joto litabaki. Mbadala mzuri ni wa ampea zinazokaribiana na za mwanzo, wenye idadi ileile ya pini.

Ukubwa hupimwa fremu kwa fremu, ukingo hadi ukingo: 80, 92 au 120 za milimita ndizo zinazopatikana kwa wingi, na unene wa kawaida ni milimita 25. Kabla ya kufungua skurubu, mwelekeo wa hewa utazamwe. Feni nyingi hutoa hewa upande wenye kibandiko na vishikizo vya mota, na baadhi zina mshale ubavuni. Feni ya nyuma ya kasha iliyogeuzwa huingiza hewa ya moto iliyotoka kwenye pawasaplai, kinyume cha ilivyokusudiwa. Feni ya prosesa ina jambo lake la ziada: ikiwa inatoka pamoja na bati lake la kupozea, grisi ya zamani iliyokauka hufutwa kwa spiriti na kupakwa mpya, kiasi cha punje ya mchele, kabla ya kurudisha. Feni iliyo ndani ya pawasaplai ni kazi ya fundi, kwa sababu ya ile kapasita ya volti 325. Na kama ilikaa miezi imesimama, ni busara kubadilisha boksi zima, maana kapasita zake zimeshapikwa.

Kazi ikishakamilika, vipimo hurudiwa vilevile. Kwa kompyuta ya steshenari, waya wa njano unatarajiwa kubaki karibu na volti 12, utofauti kati ya kutulia na kazi nzito ukiwa mdogo sana, na bango lililokuwa likiizima mashine liandaliwe mara kadhaa mfululizo. Joto la prosesa husomwa kwenye BIOS au kwa programu ya kupimia. Katika kazi nzito, nyuzi 70 hadi 80 ni za kawaida, na likikaribia 95 kuna kitu hakijakaa sawa, mara nyingi bati la kupozea lililofungwa upande. Kasha lifungwe baada ya hapo na kipimo kirudiwe likiwa limefungwa, kwa kuwa mtiririko wa hewa ndani ya kasha lililofungwa ni tofauti na ule wa mezani likiwa wazi.